Jenereta, mita na taka kwenye jengo la fleti: pa kuviweka bila kuharibu vyumba vya watu

Maswali ni yaleyale kila ramani mpya ya fleti inapochorwa. Jenereta iende nyuma ya nyumba? Mita za umeme zinaweza kukaa chini ya ngazi? Taka ziwekwe wapi ili harufu isipande juu? Mara nyingi yanaulizwa nguzo zikiwa zimeshasimama, na hapo kinachobaki ni kubana kila kitu kwenye uchochoro wa ukutani, chini ya madirisha ya vyumba vya kulala.

Mwongozo huu unatumia mfano mmoja wa Dar es Salaam. Kiwanja kina upana wa mita 24 na urefu wa mita 36, barabara iko upande wa magharibi. Jengo ni la mita 16 kwa 23, chini ni maegesho juu ya nguzo, na juu yake kuna ghorofa tatu zenye fleti nne kila moja, jumla 12. Mbele imeachwa nafasi ya mita 8, nyuma mita 5, na pembeni mita 4 kila upande. Jenereta ni ya kVA 60. Vipimo vyako vikiwa tofauti, fuata mpangilio wa hatua na upige hesabu upya.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Ramani ya kiwanja yenye alama ya kaskazini, barabara, nguzo ya umeme iliyo karibu, na madirisha ya majirani. Ndiyo, ya majirani pia.
- Mchoro wa ghorofa ya kawaida wenye kila dirisha la chumba cha kulala na sebule.
- Karatasi ya vipimo ya jenereta: urefu, upana, uzito, ukubwa wa rejeta, na kelele yake kwa umbali wa mita 7.
- Siku ambazo gari la taka hupita mtaani kwako, na linasimama wapi.
- Jibu la ofisi ya mipango miji ya manispaa kuhusu vibanda vidogo kwenye nafasi ya mbele ya jengo. Lipate mapema, kwa sababu mpango mzuri wa mbele ukikataliwa kwenye kibali unarudi kuchora upya.
- Jibu la ofisi ya TANESCO ya eneo lako kuhusu njia ya waya na aina ya mita watakazofunga.

Hatua ya 1: Chora pepo na vitanda

Chukua kalamu nyekundu, weka alama kwenye kila dirisha la chumba cha kulala. Kisha chora mishale ya upepo. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa: kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi, na kusi, inayotoka kusini na kusini mashariki kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Ukizitazama pamoja utaona kwamba zote mbili zina upande wa mashariki ndani yake. Kwa hiyo Dar es Salaam magharibi ya jengo ndiyo inayobaki chini ya upepo karibu mwaka mzima, na moshi au harufu ikitokea huko huondoka badala ya kuingia ndani.

Magharibi ndiko pia kunakopigwa na jua la alasiri. Hakuna anayependa kulala huko. Basi ngazi, vyoo na mabafu viende magharibi, na vyumba vya kulala na sebule vipewe mashariki, kusini na kaskazini ambako hewa inaingia. Ukishafanya hivyo, jenereta na taka zimepata upande wao bila kugombana na mtu.

Kuna jambo moja la kukumbuka: alfajiri huvuma umande, upepo mwepesi wa kutoka bara kwenda baharini. Hauna nguvu, lakini unapita wakati watu wamelala na madirisha yako wazi. Ndiyo maana upande wa magharibi pekee hautoshi, na umbali na kuta bado vinahitajika.

Hatua ya 2: Weka jenereta kwanza

Ianze yenyewe kwa kuwa ndiyo yenye sehemu chache za kukaa. Wengi huipeleka nyuma kwa sababu nyuma hakuonekani. Lakini nyuma ndiko watu walikokimbilia kulala ili waepuke kelele za barabara. Kosa la pili, baya zaidi, ni kuiingiza kwenye nafasi ya pembeni kati ya jengo na ukuta wa kiwanja. Sauti ikitoka pale hugonga ukuta huu, ikarudi kwa ule, na haina pa kwenda isipokuwa juu. Moshi nao hufuata njia hiyohiyo. Dirisha la ghorofa ya tatu linapata karibu yote, na mwenye fleti hiyo hataelewa kwa nini aliye chini analalamika kidogo kuliko yeye.

Kwenye mfano wetu jenereta inakaa kona ya kusini magharibi, mbele, karibu na barabara. Chumba chake kinasimama peke yake bila kugusana na jengo kubwa. Kina mita 4.2 kwa 3.0 kwa ndani na urefu wa mita 3, kuta za tofali la inchi 6 lililojaa na paa la zege. Kutoka ukuta wake hadi uso wa jengo zinabaki kama mita 3.5, na uso huo una ngazi na vyoo tu. Chumba cha kulala cha karibu kiko nyuma ya kona ya jengo, mita zisizopungua 12.

Umbali huo una maana gani? Jenereta yenye kasha la kuzuia kelele ikiandikwa desibeli 70 kwa mita 7, kwa mita 14 itasikika kama desibeli 64, kwa sababu kila unapoongeza umbali maradufu unapunguza kama desibeli 6, mahali palipo wazi. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Yaani umbali peke yake haukutoshi usiku. Kinachosaidia zaidi ni ukuta wa chumba, kona ya jengo kati ya mashine na dirisha, na kugeuza matundu ya hewa yatazame barabara.

Hatua ya 3: Ipe jenereta hewa, sakafu na bomba

*Hewa.* Hapa ndipo vyumba vingi vinapofeli. Rejeta ya kVA 60 ina eneo la kama mita 0.8 kwa 0.9, yaani mita za mraba 0.72. Tundu la kutolea hewa moto linahitaji uwazi halisi wa angalau mara 1.25 ya hapo, kama 0.9, na la kuingizia hewa mara 1.5, kama 1.1. Mbao au bati za luva huziba karibu nusu ya tundu, kwa hiyo kata matundu maradufu: la kutolea liwe mita 1.4 kwa 1.3, na la kuingizia mita 1.5 kwa 1.5. La kutolea liwe mbele ya rejeta, upande wa barabara. La kuingizia liwe upande wa nyuma ya mashine. Kamwe yasikae kwenye ukuta mmoja.

Kati ya rejeta na tundu la kutolea tengeneza mkono wa bati wenye kipande cha turubai nzito katikati ili mtetemo usipite. Usipoziba nafasi hiyo, hewa moto huzunguka na kurudi ndani ya mashine.

*Sakafu.* Mashine hii ina uzito wa tani moja na zaidi. Imwagie kitako chake cha zege, mita 2.7 kwa 1.3, kina cha sentimita 30, na juu kitokeze sentimita 15 kutoka sakafuni. Kitako hicho kina kama tani mbili na nusu, zaidi ya maradufu ya uzito wa mashine, na ndicho kinachomeza mtetemo. Kizungushie ubao laini au lami ya karatasi wa sentimita 2.5 ili kisishikane na sakafu. Fundi atakwambia ni kupoteza muda. Kataa, kwa sababu zege likishashikana huwezi kulitenganisha tena.

Mlangoni weka kizingiti cha sentimita 10 ili dizeli ikimwagika isitoke nje, na sakafu ya chumba iwe juu ya kiwango ambacho maji ya masika hufikia uani. Mlango uwe wa chuma wenye mbawa mbili, upana wa mita 1.6, ufunguke kwenda nje. Mashine itatoka siku moja kwenda matengenezo.

*Bomba la moshi.* Moshi wa dizeli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Bomba litoke juu ya paa la chumba likielekea barabarani, mdomo usitazame dirisha lolote, liwe lako au la jirani. Weka kipande kinachopinda mara tu linapotoka kwenye injini, lining'inizwe kwa springi, na lifungwe pamba ya mawe kwa sehemu iliyo ndani. Usilibebeshe ukuta wa jengo kubwa. Kama nafasi yako ni finyu na huna budi kulipandisha hadi juu ya paa la jengo, mpe muuzaji urefu na idadi ya kona akupe kipenyo kipya. Bomba refu la kipenyo kilekile huikaba injini.

Hatua ya 4: Chumba cha mita, na suala la uniti

Chumba cha mita ndicho rahisi kati ya vitatu. Hakina kelele wala harufu, kinataka kuwa kikavu na kufikika tu. Kiweke chini, kwenye eneo la maegesho, karibu na ngazi na upande wa barabara. Mfanyakazi wa TANESCO afike bila kupita mlango wa fleti ya mtu. Mpangaji ambaye mita yake inaingiziwa tokeni palepale chini afike saa nne usiku akiwa na taa na bila kulowa.

Kabla ya kuamua ukubwa, jibu swali hili: umeme wa jenereta utaingia kabla ya mita au baada ya mita?

Ukifunga swichi moja kubwa ya kubadilishia, itabidi ikae kabla ya mita zote. Umeme wa TANESCO ukikatika, wa jenereta utapita ndani ya mita za LUKU, na mpangaji ataliwa uniti zake alizolipia TANESCO kwa umeme ambao dizeli yake ameshachangia. Amelipa mara mbili. Zaidi ya hayo, unakuwa umegusa upande wa shirika, jambo ambalo si lako kulifanya. Njia sahihi ni swichi moja ya kubadilishia kwa kila fleti, baada ya mita yake, yenye kifungio kinachozuia pande mbili kuwaka pamoja.

Hiyo inamaanisha chumba chako kinahitaji kuta mbili za vifaa. Ukutani upande mmoja weka mita: fleti 12, moja ya jengo kwa taa za ngazi na pampu, na nafasi tatu za akiba, jumla 16. Zipange safu mbili za nane, kila moja sentimita 30, upana wa mita 2.4. Safu ya chini iwe mita 1.1 kutoka sakafuni na ya juu mita 1.6, mtu mfupi asome bila stuli. Ukuta wa pili ni wa swichi za kubadilishia. Chumba kikiwa mita 3.0 kwa 2.4, ukitoa sentimita 30 za masanduku kila upande, inabaki njia ya mita 1.8. Inatosha.

Mlango ufunguke kwenda nje, kwa sababu mtu aliyepigwa na umeme anaweza kuangukia mlangoni. Weka matundu ya hewa juu na chini. Mbele ya chumba simika vyuma viwili vya kuzuia magari, la sivyo dereva anayerudi nyuma atakugongea ukuta wa umeme.

Onyo: angalia kilicho juu. Choo kikiwa juu ya chumba cha mita, ipo siku bomba litavuja. Hamisha kimoja. Chini ya ngazi pia pana tatizo lake: maji ya kudekia ngazi hushuka humohumo, na dari ya mteremko hukunyima urefu wa safu ya juu.

Waya kutoka jenereta upite ardhini, kina cha sentimita 60, ndani ya bomba la plastiki la inchi 4, na weka bomba la pili tupu kando yake. Kufukua maegesho yaliyokwisha kuwekwa pevingi ni gharama mbaya.

Hatua ya 5: Chumba cha taka

Piga hesabu kabla ya kuchora. Fleti 12 kwa watu watano ni watu 60. Chukua kilo 0.6 kwa mtu kwa siku: kilo 36. Gari likipita mara mbili kwa wiki, muda mrefu zaidi kati ya safari mbili ni siku nne, yaani kilo 144. Taka zisizoshindiliwa zikiwa kama kilo 250 kwa mita ya ujazo, hizo ni lita 580, mapipa matatu ya lita 240. Lakini gari likikosa safari moja? Zinakuwa siku saba, kama lita 1,010, mapipa matano. Jenga kwa matano. Pipa moja lina upana wa sentimita 58 na kina cha 73, kwa hiyo chumba cha mita 3.6 kwa 1.9 kinayapokea kwa safu moja na mtu akapita mbele yake.

Chumba kikae kona ya kaskazini magharibi, mbele, mbali na jenereta ili hewa moto ya rejeta isipike taka. Kipe milango miwili: mmoja wa ndani kwa wakazi, mwingine unaofunguka barabarani kwa wazoaji, wasiburute mapipa yanayochuruzika katikati ya magari. Njia ya wakazi ipite hapo wanapoelekea geti la watembea kwa miguu. Mtu akilazimika kwenda nyuma ya jengo kutupa mfuko, ataacha mfuko kwenye ngazi.

Sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji lenye mtego na kikapu cha wavu. Tundu hilo liende chemba ya maji taka, *siyo* mtaro wa mvua. Weka bomba la maji na mpira. Kuta ziwe na vigae hadi mita 1.5. Chini ya mlango usiache zaidi ya sentimita 1, na piga bamba la chuma sentimita 30 za chini, panya hutafuna mbao. Matundu yote yawe na wavu wa mbu ukisindikizwa na wavu mgumu wa milimita 6.

Kwa harufu, simamisha bomba la inchi 6 kwenye ukuta wa magharibi, lipite paa kwa mita 1, lipakwe rangi nyeusi na lifungwe wavu juu. Jua la alasiri hulipasha joto, hewa hupanda, na hewa mpya huingia kwa matundu ya chini. Ni kanuni ileile ya choo cha shimo chenye bomba.

Bomba la kutupia taka kutoka kila ghorofa, lile la ndani ya ukuta, liache. Kwa jengo la ghorofa tatu linakupa mende na harufu kwenye kila korido, na hakuna anayeliosha.

Kama barabara iko mashariki

Hii ndiyo hali ngumu zaidi, maana gari la taka liko upande ambao upepo unatokea. Jenereta iende magharibi, nyuma, lakini geuza mpango wa fleti ili ngazi na vyoo vitazame huko, na uongeze nafasi ya nyuma ifike mita 8. Taka zigawe: chumba kikuu kikae nyuma, na mlinzi atoe mapipa hadi getini asubuhi ya siku ya gari. Njia ya kutolea iwe na upana wa mita 1.2, isiwe na ngazi hata moja, na isipite chini ya madirisha ya sebule.

Tatizo likitokea

*Jenereta inazima yenyewe baada ya nusu saa.* Pima joto la hewa mbele ya tundu la kuingizia na lile la ndani, nyuma ya mashine. Tofauti ikizidi nyuzi 10, hewa moto inarudi ndani. Kagua mkono wa rejeta, kisha ukubwa wa matundu.

*Kelele si kubwa lakini kitanda kinanguruma.* Huo ni mtetemo unaopita kwenye kitu kigumu. Weka kiganja kwenye bomba la moshi lililopoa kabla ya kuwasha, kwenye vishikizo vya bomba, na kwenye sakafu nje ya kitako. Washa, kisha rudia kwenye sakafu na kwenye vishikizo ukiwa na glovu. Panapotetemeka ndipo pameshikana.

*Moshi unaingia alfajiri tu.* Ni umande. Elekeza mdomo wa bomba kaskazini au kusini, kokote kusiko na dirisha, na uuinue mita 1 au 2.

*Chumba cha taka kinanuka hata baada ya kuoshwa.* Chungulia tundu la maji. Mtego ukikauka, harufu ni ya chemba, si ya taka. Mimina ndoo moja ya maji kila wiki.

*Wapangaji wanasema uniti zinaisha haraka.* Soma mita moja umeme wa TANESCO ukiwa umekatika na jenereta inawaka, washa pasi kwenye fleti hiyo kwa dakika 15, soma tena. Uniti zikishuka, swichi ya kubadilishia iko kabla ya mita.

*Breka zinakata wakati wa masika.* Fungua kifuniko cha sanduku, lakini fundi umeme mwenye leseni ndiye afungue, na umeme ukiwa umezimwa. Kutu kwenye skrubu za juu ni maji yanayotoka darini. Kutu za chini tu ni unyevu wa sakafu au matundu ya hewa yaliyozibwa na maboksi ya mtu aliyekigeuza chumba hicho kuwa stoo.